Mchwa na Mpangilio wa Mimea ya Nyika

Kichuguu cha mchwa ni kiraka cha udongo wenye rutuba kuliko ardhi inayokizunguka, na katika nyika nyingi za Afrika viraka vya namna hii vina sauti kubwa katika kuamua nyasi gani ziote wapi, mti upi uzae na mnyama yupi alishe mahali gani. Jambo hili limechunguzwa kwa makini zaidi kwenye uwanda wa Laikipia nchini Kenya, kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya. Kituo cha Utafiti cha Mpala kilichoko huko kina eneo kubwa la udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Juu ya udongo huo miti karibu yote ni ya aina moja tu: mgunga mfupi ambao baadhi ya miiba yake huvimba shinani na kuwa vinundu vyeusi, ambamo sisimizi hufanya makao. Mtu anayepita barabarani huona migunga na nyasi, migunga na nyasi, mpaka upeo wa macho, na ni rahisi kudhani kwamba ardhi hiyo ni sawasawa kila mahali.

Sivyo. Vichuguu vimo humo kwa maelfu, ila havifanani na ile minara mirefu ya udongo ambayo wengi huifikiria wakisikia neno kichuguu. Vya Laikipia ni vinundu bapa vya ardhi, kila kimoja na upana wa mita 10 hivi, vilivyoinuka kidogo sana kiasi kwamba gari linaweza kukatiza juu yake na dereva asitambue. Kinachovitambulisha ni mimea. Nyasi za juu ya kichuguu ni za aina tofauti na zile za pembeni, hubaki kijani siku nyingi baada ya mvua kukatika, na katikati ya kichuguu migunga haioti. Kwa hiyo aliyezoea kuangalia huona uwazi mdogo wa nyasi, umezungukwa na migunga iliyostawi kuliko wenzao wa mbali. Picha za satelaiti huonyesha jambo hilo waziwazi zaidi: uwanda mzima umejaa madoa ya kijani, na madoa hayo yamepishana kwa nafasi zinazokaribiana sana, kati ya mita 60 na mita 100 kutoka kimoja hadi kingine.

Wajenzi wa vichuguu hivi ni mchwa wa jenasi Odontotermes, walio katika kundi la mchwa wanaolima kuvu. Kilimo hicho ndicho chanzo cha rutuba, kwa hiyo kinafaa kuelezwa hatua kwa hatua. Wafanyakazi hutoka kichuguuni kupitia mahandaki yaliyo chini kidogo ya uso wa ardhi, wakafika mbali pande zote kutafuta nyasi zilizokauka, vijiti vilivyooza na kinyesi cha wanyama. Mahali wanapolisha juu ya ardhi hujifunika kwa ganda jembamba la udongo uliolowanishwa na mate, ili jua lisiwakaushe na ndege wasiwadonoe. Chakula wanachokusanya hukipitisha tumboni haraka, kisha hukitoa na kukijenga ndani ya vyumba vya chini kuwa kitu chenye mikunjo mingi, chepesi na chenye vinyweleo kama sifongo. Juu ya kitu hicho huota kuvu wa jenasi Termitomyces. Kuvu huyu huvunjavunja sehemu ngumu za mmea ambazo tumbo la mchwa lingeshindwa kuzisaga, na baada ya wiki kadhaa mchwa hula kuvu pamoja na masalio yaliyolainika. Uyoga mkubwa mweupe unaochomoza vichuguuni mvua zinapoanza, ambao akina mama wa vijiji vingi huuwahi asubuhi na mapema kabla haujaharibika, ni tunda la kuvu huyohuyo.

Hesabu ya lishe inaeleweka kirahisi kutoka hapo. Kundi moja hukusanya mabaki ya mimea kutoka maelfu ya mita za mraba na kuyaleta mahali penye upana wa mita 10. Kaboni nyingi ya mabaki hayo hupotea hewani mchwa na kuvu wanapopumua, lakini naitrojeni na fosforasi hubaki katika miili ya mchwa, katika kinyesi chao, katika mate wanayojengea kuta, na hatimaye katika udongo. Mchwa hufa kila siku na wengine huzaliwa. Vyumba huachwa, hubomoka na kuchimbwa upya. Mwaka hadi mwaka udongo wa kichuguu huwa na naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko udongo wa pembeni. Ni uhamishaji wa mali, na upande wa pili wa uhamishaji huo usisahauliwe: sehemu iliyo kati ya vichuguu hupoteza mabaki ambayo yangeozea hapohapo. Mchwa hawaongezi sana jumla ya lishe iliyopo katika nchi; wanaikusanya mahali pamoja, na matokeo ya kukusanya huko ni makubwa kuliko mtu angetarajia.

Rutuba peke yake isingetosha. Jambo la pili wanalofanya mchwa ni kubadilisha umbile la udongo. Mfinyanzi mweusi una kasoro mbili kwa mmea: ukilowa huvimba na kuziba, maji yakatuama juu na mizizi ikakosa hewa, ukikauka hujikunja na kupasuka, na nyufa hizo huikata mizizi myembamba. Mchwa wanapochimba huinua chembechembe kutoka chini na kuzichanganya, na udongo wa vichuguu vya Laikipia una chembe kubwa zaidi na mfinyanzi mdogo kuliko udongo wa jirani. Mahandaki nayo huacha njia. Mvua ikinyesha maji huzama badala ya kutuama, na mizizi hupumua. Kwenye nchi za mchanga kazi yao huelekea upande wa pili: mchwa huchota mfinyanzi kutoka kina kirefu kwa ajili ya kujengea, na kichuguu kinakuwa mahali pekee penye udongo unaoweza kushika maji. Ndiyo maana kichuguu husaidia mimea kwenye mfinyanzi mzito na kwenye mchanga mwepesi pia, ingawa sababu hazifanani. Msomaji anayetaka kujua vichuguu vya kwao vinafanya nini aanze kwa kuuliza udongo wa pembeni ni wa aina gani.

Utafiti uliofungua macho ya wengi ulichapishwa mwaka 2010 na Robert Pringle pamoja na wenzake, na ulianza kwa jambo dogo. Katika migunga ya Mpala huishi mjusi mdogo wa jamii ya mjusi kafiri, anayekula wadudu. Watafiti waligundua kwamba mijusi hao walikuwa wengi kupita kiasi kwenye miti iliyo karibu na vichuguu. Wakaanza kupima kwa utaratibu: umbali wa kila mahali kutoka kichuguu kilicho karibu zaidi, ukuaji wa mimea, wingi wa wadudu, wingi wa buibui, wingi wa mijusi na uzazi wao. Kila walichopima kilipungua kadiri umbali ulivyoongezeka. Mimea ilikua upesi zaidi karibu na vichuguu, wadudu walifuata mimea, na waliokula wadudu wakawafuata wadudu. Kichuguu kilikuwa kitovu cha uhai ulioenea hadi nje ya mipaka yake, ukififia polepole kuelekea nafasi ya katikati baina ya kichuguu na kichuguu.

Mgunga wenyewe unaonyesha vizuri namna athari hii inavyofika kwa mti ambao hauoti juu ya kichuguu bali ukingoni mwake. Migunga ya ukingoni huzaa matunda kwa urahisi kuliko ya mbali. Tena hupata naitrojeni kwa njia nyingine. Mgunga ni wa jamii ya mikunde, na mizizi yake inaweza kushirikiana na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Huduma hiyo ina gharama, kwa kuwa mti hulazimika kuwalisha bakteria hao sukari. Naitrojeni ya hewani na ile ya udongoni hutofautiana kidogo katika uwiano wa atomu nyepesi na nzito, kwa hiyo jani likipimwa maabara linaweza kueleza chakula chake kilitoka wapi. Vipimo vya Laikipia vilionyesha kwamba miti iliyo mbali na vichuguu hutegemea zaidi naitrojeni ya bakteria, na iliyo karibu huchota zaidi ile ambayo mchwa wameiweka udongoni. Mdudu anayeishi chini ya ardhi amebadili uhusiano wa mti na bakteria wa mizizi yake, bila ya kuugusa mti huo.

Wanyama wakubwa wanaongeza nguvu ya mzunguko huu. Nyasi zenye naitrojeni nyingi ni laini na zina lishe, na wanyama wanaolisha wanazijua. Hurudi kwenye vichuguu tena na tena, huzila zikiwa fupi na changa, na huacha mavi na mkojo mahali hapo. Mavi hayo ni chakula cha mchwa. Kutoka nchini Zimbabwe kuna taarifa za tembo wanaochagua miti iliyoota juu ya vichuguu na kuiacha ya aina hiyohiyo iliyoko pembeni, kwa kuwa majani yake yana madini mengi zaidi. Hapa yapo pia mashaka ya haki: je, huenda wanyama ndio waliorutubisha mahali hapo na mchwa wakaja baadaye? Au mchwa walichagua mahali palipokuwa na rutuba tangu mwanzo?

Laikipia inatoa njia nzuri ya kujibu swali hilo, kwa sababu ina viraka vya rutuba vya aina mbili. Wafugaji wa huko kwa vizazi vingi wamelaza ng'ombe katika maboma ya miiba, kisha wakahama na kuacha samadi nyingi chini. Boma lililohamwa hugeuka kuwa uwanja wa nyasi fupi, zenye lishe, unaodumu kwa miongo mingi na kupendwa na wanyama wa porini. Kiraka cha boma na kiraka cha kichuguu huweza kufanana kwa mbali, lakini hutofautiana katika mambo mawili. Boma ni pana zaidi ya kichuguu kwa mara kadhaa. La muhimu zaidi, maboma yametawanyika bila mpango, kwa kuwa wafugaji walichagua mahali kwa kufuata maji, usalama na malisho, lakini vichuguu vimepangika. Udongo mweusi wa uwanda huo hauna madoa ya rutuba yaliyopimana kwa mita 60 yakingoja mchwa wayakute. Mpangilio wenyewe ni ushahidi kwamba mchwa ndio waliofanya kazi.

Mpangilio huo unatokana na vita. Mvua zinapoanza, kumbikumbi huruka kwa wingi, hutua, hukata mabawa yao, na dume na jike hufukia pamoja kuanzisha kundi jipya. Walio wengi huliwa na ndege, vyura, sisimizi na watu kabla ya kupata pa kuchimba. Wachache wanaofanikiwa hukutana na tatizo jingine: karibu kila sehemu ya nchi ina kundi lenye nguvu ambalo mahandaki yake yameshafika hapo. Wafanyakazi wa makundi mawili wakikutana hupigana, na kundi changa lililo karibu na kundi kubwa humalizwa. Linaloweza kukua ni lile lililoangukia nafasi iliyo mbali na makundi yote ya jirani. Likiisha kukua, nalo huzuia mengine. Baada ya miaka mingi ya ugomvi wa mipakani, kila kundi limebaki na eneo linalokaribia kulingana na la wenzake, na kichuguu kinakaa takriban katikati ya eneo hilo. Hakuna aliyepima wala kuamuru. Ugomvi wa jirani na jirani unatosha kuipanga nchi nzima.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama vichuguu vimepangika kweli au jicho limedanganyika. Wanaikolojia Clark na Evans walikieleza mwaka 1954, na kinahitaji ramani na rula tu. Kwanza huhesabiwa vichuguu vilivyomo katika eneo. Tuseme kuna kimoja kwa kila mita za mraba 3,600, yaani karibu vitatu kwa hekta. Kama vingekuwa vimeanguka ovyo, umbali wa wastani kutoka kichuguu hadi jirani yake wa karibu zaidi ungekuwa nusu ya kipeo cha pili cha 3,600, yaani mita 30, kwa kuwa katika mtawanyiko wa ovyo vingi huangukia karibu-karibu na vingine huachwa peke yao. Kisha hupimwa umbali halisi. Ukikuta ni mita 30, hakuna mpango wowote. Ukikuta ni mita 10, vichuguu vimejikusanya makundi makundi, pengine kwa kuwa ni sehemu chache tu za ardhi zinazofaa. Ukikaribia mita 60, vimetengana karibu kadiri inavyowezekana, na hapo ushindani baina ya makundi ndio sababu ya kwanza ya kuchunguzwa.

Faida ya mpangilio huo kwa mimea inaweza kuhesabiwa kwa mfano huohuo. Vichuguu vikiwa kwenye miraba ya mita 60 kwa 60, mahali palipo mbali kabisa, katikati ya vichuguu vinne, pako mita 42 tu kutoka kwa kilicho karibu. Hakuna mti wala jani la nyasi lililo mbali zaidi ya hapo. Vichuguu vilevile, idadi ileile, vikitupwa ovyo, karibu moja ya tano ya ardhi yote itaangukia zaidi ya mita 42 kutoka kichuguu chochote, na sehemu nyingine zitakuwa na vichuguu viwili vinavyorutubisha mahali pamoja bila faida. Kichuguu chenye upana wa mita 10 hufunika chini ya mita za mraba 80, yaani asilimia 2 hivi ya eneo lake la mita za mraba 3,600. Asilimia 2 hiyo inaweza kuigusa nchi nzima au kuacha sehemu kubwa bila kuguswa, na tofauti iko katika nafasi peke yake. Pringle na wenzake walipoingiza vipimo vyao katika kompyuta na kulinganisha mpangilio halisi na mtawanyiko wa ovyo, mpangilio halisi ulitoa uzalishaji mkubwa zaidi wa mimea na wanyama. Hilo ndilo jambo jipya walilolileta. Watu walijua kwa muda mrefu kwamba kichuguu kina rutuba, na mwaka 1964 tayari yalikuwa yamechapishwa maelezo ya vichuguu na mipangilio ya mimea kwenye tambarare za Loita, kusini mwa Kenya. Lakini kwamba nafasi kati ya vichuguu yenyewe huongeza mazao ya nchi lilikuwa halijapimwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, Juan Bonachela, Pringle, Corinna Tarnita na wenzao walichapisha hatua iliyofuata, safari hii kuhusu ukame. Wataalamu wa nchi kavu walikuwa na nadharia kwamba mvua ikizidi kupungua, mimea haipungui kwa usawa, bali hujikusanya: kwanza huacha mapengo, kisha huwa mistari, mwishowe hubaki madoa madoa. Baada ya hatua ya madoa, upungufu mdogo tu wa mvua huweza kuangusha kila kitu kwa ghafla na nchi ikawa jangwa. Kwa sababu hiyo madoa kwenye picha za satelaiti yalichukuliwa kuwa dalili ya hatari. Watafiti hao walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba vichuguu hutengeneza madoa yanayofanana na hayo kwa sababu tofauti kabisa. Juu ya kichuguu maji huzama vizuri, kwa hiyo mimea huweza kuishi kwa mvua ndogo kuliko ile inayohitajika pembeni. Kiangazi kikali kikija, nyasi za katikati hufa lakini za vichuguuni hudumu, na mvua ikirejea mbegu zipo karibu kila mahali tayari kuenea. Kwa mujibu wa hesabu hizo, nchi yenye vichuguu hustahimili ukame mkubwa zaidi kabla ya kuanguka, huanguka polepole, na hurudi kwa mvua ndogo kuliko nchi isiyo navyo.

Madoa ya aina hizo mbili yanatofautishwaje? Kwa kuangalia kwa karibu zaidi. Mimea inayogombania maji hupangika kwa kipimo kidogo, cha sentimita hadi mita chache. Vichuguu hupangika kwa makumi ya mita. Katika Laikipia watafiti walikuta mipangilio yote miwili: vichuguu kwa kipimo kikubwa, na kati yao mafungu madogo ya nyasi yenye mpangilio wao. Picha ya satelaiti isiyoonyesha vitu vidogo hukosa hayo ya pili, na anayeisoma anaweza kutangaza hatari mahali ambapo mchwa ndio wanaoipunguza. Lakini hesabu ya kompyuta haijathibitisha kila kitu. Mchwa wenyewe wanahitaji mabaki ya mimea ili waishi, na ukame wa miaka mingi mfululizo unaweza kuwaua. Kichuguu kisicho na wakazi hubaki na rutuba yake kwa muda, lakini hakuna anayeifanya upya.

Mpangilio wa kuvutia usichukuliwe kuwa kazi ya mchwa kila mahali. Kwenye ukingo wa jangwa la Namib kuna maelfu ya miduara mitupu isiyo na nyasi, iliyopangika vizuri ajabu, na mabishano juu yake yamekuwa makali. Mwaka 2013 Norbert Juergens alieleza kwamba mchwa wa mchangani hula mizizi ya nyasi ndani ya miduara na hivyo maji yakahifadhika chini. Wengine walishikilia kwamba nyasi zenyewe, kwa kugombania maji, zinatosha kuunda miduara. Mwaka 2017 Tarnita, Pringle na wenzao wakaonyesha kwa hesabu kwamba sababu zote mbili zikifanya kazi pamoja hutoa mpangilio unaofanana na unaoonekana. Ubishi haukuishia hapo. Kinachofundishwa na mfano wa Namib ni kwamba umbo linaloonekana juu halitoshi kuwa ushahidi; lazima ardhi ichimbwe na mchwa waonekane.

Vilevile si kila kichuguu hubeba nyasi. Mchwa wakubwa wa jenasi Macrotermes hujenga vichuguu virefu, na katika sehemu zenye mvua ya kutosha vichuguu hivyo hubeba miti. Katika nyika za Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo nchini Uganda, mtu huona vichaka vya mviringo vilivyosimama katikati ya nyasi, na akiingia ndani hukuta kichuguu. Rutuba ni sehemu moja tu ya maelezo. Kichuguu kimeinuka, hivyo miche yake haizami maji yanapotuama mabondeni. Nyasi zikiwa chache pembeni mwake, moto wa kiangazi hupita bila kukipanda. Ndege hutua juu yake na kudondosha mbegu, na wanyama wa vivuli hufanya hivyo pia. Mti wa kwanza ukishaota, kivuli chake hufukuza nyasi zinazobeba moto, na wa pili hupata nafasi. Katika misitu ya miombo miti ya vichuguuni mara nyingi ni tofauti kabisa na ya pembeni, ukiwamo mkwaju, ambao huupenda udongo huo. Kwa hiyo mchwa wa Laikipia huunda uwazi wa nyasi kati ya miti, na mchwa wa Kagera huunda kichaka kati ya nyasi. Mvua, moto na aina ya mchwa ndivyo vinavyoamua.

Wakulima wa nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika wanaijua rutuba hii. Hupanda mahindi au mboga juu ya kichuguu na pembeni mwake, au hukichimba na kusambaza udongo wake shambani kama mbolea. Njia ya kwanza huacha kichuguu mahali pake. Ya pili hutoa mavuno kwa misimu michache, kisha hakuna tena cha kuchota, na ni vizuri anayeshika jembe ajue anachokivunja kilichukua muda gani kujengwa. Karibu na Lubumbashi, katika miombo ya Katanga nchini Kongo, kuna vichuguu vya Macrotermes vinavyofikia urefu wa mita 8. Watafiti walipopima umri wa kaboni iliyomo ndani yake, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalionyesha kwamba vichuguu vya kale zaidi vina miaka ipatayo 2,200. Vya Laikipia, ingawa ni vifupi, navyo hujengwa kwa karne nyingi. Anayesawazisha shamba lake kwa trekta anaweza kuvifuta vyote kwa siku moja, na kwa hesabu ya mita 60 kwa 60 iliyotajwa hapo juu, kila kichuguu anachokiondoa huacha sehemu ya mita za mraba 3,600 bila kitovu chake. Mkulima au mfugaji mwenye nafasi ya kuchagua avilimie pembeni, avichungie mifugo kwa zamu, na aviache vimesimama.